Tetea neno "lazima", mazoezi yatajitetea

"Shikamoo mwalimu. Niko Gredi ya 9 hapa Lamu. Baada ya wiki tatu tuna mdahalo, na mimi ndiye mzungumzaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono hoja hii: Elimu ya viungo iendelee kuwa ya lazima kwa wanafunzi wote. Nimeandika insha ya kurasa nne yenye faida kumi na moja za mazoezi. Mwalimu wa Kiswahili amenirudishia, anasema sijaigusa hoja. Nimesoma tena na tena, sioni nilipokosea. Nisaidie." Msichana wa Langoni

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakuonea. Katika hizo faida kumi na moja hakuna hata moja ambayo mpinzani wako ataikataa. Atainuka, atatabasamu, atasema: "Mwenyekiti, nakubaliana na dada yangu kwamba mazoezi ni mazuri. Hata asali ni nzuri, lakini hatujamwona mtu akishurutishwa kuila." Ukumbi utacheka, na kurasa zako nne zitakuwa zimekwenda na maji.

Nimefundisha elimu ya viungo miaka 22, mingi hapa Malindi na minne huko kwenu kisiwani, na nimeketi meza ya waamuzi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kosa lako ndilo la kila mwaka. Mtoto anapewa hoja yenye neno "lazima", naye anatetea neno "viungo".

Soma hoja tena polepole. "Iendelee" maana yake ni kwamba jambo lipo tayari, kwa hiyo wanaotaka kuliondoa ndio wenye mzigo wa kueleza kwa nini. Hilo ni fadhila kwako, lishike na uliseme mapema. "Lazima" ndiyo roho ya ugomvi wote. Na "wote" ndilo neno litakaloamua nani anashinda, kwa sababu swali lenyewe, ukilivua nguo, ni hili: somo hili likifanywa hiari leo, kesho nani hatakuwa uwanjani?

Nikueleze niliyoyaona kwa macho yangu. Shule moja ya huku Malindi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mkuu aliyeamua kwamba muhula wa pili kipindi cha viungo cha darasa moja la juu kiwe cha hiari. Anayetaka aende uwanjani, asiyetaka abaki darasani ajisomee. Darasa lilikuwa na wanafunzi 44. Mimi huandika mahudhurio, ni tabia yangu hata pale ambapo hakuna anayeuliza. Wiki ya kwanza walikuja 31. Wiki ya tatu, 20. Wiki ya sita nilikuwa na 13: wavulana kumi na mmoja, wote wa timu ya kandanda, na wasichana wawili waliokuwa wakicheza netiboli ya shule.

Sasa angalia orodha ya waliobaki darasani. Kulikuwa na msichana aliyekuwa amerefuka ghafla mwaka ule akawa anatembea amejikunja mabega. Kulikuwa na mvulana mnene aliyebandikwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Kulikuwa na mmoja anayechechemea tangu utotoni, na wawili watatu ambao raba zao zilikuwa zimetoboka vidole. Wasichana karibu wote walikuwa humo. Nilipita dirishani kutazama kama wanajisomea. Nusu walikuwa wamelala juu ya madawati.

Hawa hawakuchagua kusoma. Walichagua kutochekwa. Na waliokuja uwanjani ni wale ambao wangecheza mpira hata shule ikifungwa, ufukweni, jioni, mpaka giza liwafukuze. Kwa hiyo hiari ilimpa somo yule asiyelihitaji sana na ikamnyima anayelihitaji. Hiyo ndiyo hoja yako kuu, mwanangu. Insha nzima ijengwe juu yake, na chochote kisichoitumikia kitoke.

Wapinzani watasema hiyo ni shule moja. Hapo uwe na mfano wa mbali. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mwanafunzi wa sekondari hulazimika kupata alama za kozi moja tu ya afya na viungo, na wengi huimaliza Gredi ya 9. Baada ya hapo ni hiari, na idadi ya wanaojiandikisha hushuka kwa kishindo, ya wasichana zaidi ya ya wavulana. Nchi tajiri, viwanja vya nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, mabwawa ya kuogelea ndani ya jengo, na bado mambo yanaenda kama yalivyokwenda kwangu Malindi kwenye uwanja wa mchanga. Ukitaka takwimu moja ya dunia, chukua hii na usiongeze nyingine: mwaka 2016, katika vijana wa miaka 11 hadi 17, asilimia 81 hawakufikisha saa moja ya mazoezi kwa siku, ambayo ndiyo kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Tofauti hiyo kati ya wavulana na wasichana ndiyo unayoitaka. Ile 81 peke yake haikusaidii, maana mpinzani anaweza kuigeuza aseme: basi lazima yenu imefanya nini?

Hatua ya pili ni kuonyesha kwamba anayekosa katika umri huu hapati pa kulipia baadaye. Hapa wengi hutaja moyo, kisukari, shinikizo la damu. Ni kweli, ila magonjwa hayo huja miaka 30 mbele, na mpinzani atasema mtu anaweza kuanza mazoezi akiwa na miaka 25. Wewe taja mfupa.

Mfupa haujengwi kwa mwendo uleule maisha yote. Kuna dirisha la miaka miwili hivi linalozunguka kipindi cha kurefuka kwa kasi, na katika miaka hiyo mwili huweka takriban robo ya mfupa wote atakaokuwa nao mtu mzima. Kwa msichana kilele chake ni miaka 12 na nusu hivi, kwa mvulana kama 14. Yaani ni wewe, sasa hivi, na wenzako mtakaokaa nao ukumbini. Na mfupa haujengwi kwa maziwa peke yake. Unataka kishindo: kuruka na kutua, mguu ukagonga chini. Kutembea polepole haukusikii. Anayesema nitaanza nikiwa na miaka 25 atakuta fundi ameshafunga kazi.

Na uzuri wa mfupa ni kwamba hauhitaji uwanja. Huko British Columbia, pia Kanada, walijaribu kitu kidogo mno na watoto wa shule ya msingi: kengele ikilia, kila mtoto anaruka mara kumi papo hapo alipo, mara tatu kwa siku ya shule. Jumla ni kama dakika tatu. Baada ya miezi minane mifupa ya nyonga ya watoto wale ilikuwa imeongezeka kuliko ya wenzao ambao hawakuruka. Kumbuka jambo hili litakapokuja lile swali la "shule zetu za mji wa kale hazina viwanja". Shule iliyobanwa na kuta pande zote, ambapo punda wawili wakikutana uchochoroni mmoja lazima arudi nyuma, bado ina nafasi ya mtoto kuruka mara kumi. Ila sema pia, kwa uaminifu, kwamba kuruka mara kumi hakufundishi mtoto kudaka, kuogelea wala kucheza na wenzake. Ni kiasi cha chini, si somo zima.

Nimetaja kuogelea, na hapo ndipo ninapokutaka uweke moyo wako, kwa sababu unasema kutoka Lamu na hakuna mpinzani wa bara atakayekuweza.

Nyinyi hamwendi popote bila kuvuka maji. Anayetoka Mokowe anavuka, anayetoka Manda anavuka, mgonjwa wa Matondoni akizidiwa usiku huletwa kwa mashua. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kuzama ni sababu ya tatu ya vifo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kufundisha watoto wa shule kuogelea na usalama wa majini kuwa miongoni mwa kinga zake kuu. Sasa jiulize: hapo kwenu nani anajua kuogelea? Wavulana. Wanajifunza wenyewe kwa kurukia maji gatini, bila ya mwalimu. Wasichana je? Nilipokuwa huko niliuliza darasa la wasichana 26. Waliojua kuelea walikuwa watatu, wawili wao watoto wa manahodha.

Hawa wengine 23 hawatakwenda kujifunza kwa hiari. Mama hatamtuma, na yeye mwenyewe ataona haya. Somo likiwa kwenye ratiba, linafundishwa na mwalimu wa kike, wasichana peke yao, mahali palipositirika, mambo hubadilika. Ndiyo maana huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, kulikuwa na mradi wa Panje ambao uliwafundisha wasichana na wanawake wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamevaa vazi linalofunika mwili wote mpaka kichwani. Dini haikuvunjwa na mtoto alijifunza.

Nami nikueleze tulivyofanya sisi, maana mwamuzi mzuri huuliza "kwa vipi?", na anayejibu kwa undani hushinda. Tulifundisha upande wa Shela, kwenye maji ya kiunoni, kamba imefungwa kati ya nguzo mbili, mwalimu mmoja kwa watoto wanane na sio zaidi. Lengo halikuwa mitindo ya mashindano. Lilikuwa mambo matatu: kuelea chali kwa sekunde 30, kwenda mita 25 kwa namna yoyote ile, na kumwokoa anayezama kwa kumrushia kamba au kumnyooshea mti bila wewe kuingia majini. Hilo la tatu ndilo gumu kufundisha, kwa sababu moyo unataka kuruka.

Tatizo tuliloligundua kwa aibu ni ratiba. Kipindi kiliwekwa Jumanne saa mbili na nusu asubuhi. Wiki ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa vizuri. Jumanne iliyofuata tukafika tukakuta yamejaa, mawimbi yanapiga ukingo, tukarudi. Mzee mmoja wa ngalawa alitutazama akacheka: "Walimu, bahari haisomi ratiba yenu." Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku saba, unapata kama saa sita kasorobo, yaani saa ileile wiki iliyopita ilikuwa kupwa na wiki hii ni kujaa. Baada ya wiki mbili yanarudi palepale. Tulipoelewa hivyo tukapanga kuogelea kila baada ya wiki mbili, na wiki ya katikati tukawa nchi kavu. Mtoto wa mvuvi angetuambia siku ya kwanza, kama tungemuuliza.

Sasa wapinzani. Watakuja na hoja nne, na moja tu ndiyo ya kuogopa.

Ya kwanza ni muda: "Kipindi cha viungo kinakula hesabu na sayansi." Jibu lake liko Trois-Rivières, mji wa Kebeki huko Kanada (utaniona naipenda Kanada, lakini ndiko walikopima). Miaka ya 1970 watoto wa shule za msingi wapatao 546 walifuatwa kwa miaka kadhaa. Kundi moja liliongezewa saa nzima ya viungo kila siku, na ili saa hiyo ipatikane, muda wa masomo mengine ulipunguzwa kwa takriban asilimia 14. Matokeo yao ya masomo hayakushuka. Yalilingana na ya wenzao au yakawazidi kidogo. Ukieleza, taja na kasoro yake kabla mpinzani hajaitaja: watoto hawakugawanywa kwa kura mmoja mmoja, na saa ile ilifundishwa na walimu waliosomea viungo. Kwa hiyo usiseme "mazoezi hupandisha alama". Sema "kuyatoa hakupandishi alama". Ni madai madogo, na ndiyo maana hayaangushiki.

Ya pili ni dini na mavazi. Nimeshaigusa. Ongeza tu kwamba wakati wa Ramadhani somo halifutwi, hubadilishwa: linasogezwa kipindi cha kwanza, hakuna mbio, kazi inakuwa ya kulenga, kurusha, kunyoosha viungo na kujifunza sheria za mchezo. Hivyohivyo jua la kaskazi kati ya Januari na Machi. Anayepeleka watoto uwanjani saa saba mchana mwezi wa pili anastahili kulaumiwa yeye, somo halina kosa.

Ya tatu ni ugonjwa na ulemavu, na huku pwani watataja selimundu kwa sababu kila mtu ana jamaa mwenye ugonjwa huo. "Naye alazimishwe?" Jibu bila kutetereka: naye ana haki ya kipindi, ila kipindi chake kinapangwa. Mtoto wa selimundu hakimbizwi mpaka ashindwe pumzi, anapewa maji kabla ya kuona kiu, anapumzika pale anapotaka bila kuomba, na haingizwi kwenye maji baridi. Mwenye pumu anakuwa na dawa yake mkononi, haiachi kwenye mkoba darasani. Yule kijana wangu aliyekuwa akichechemea alikuja kuwa mlinda lango mzuri sana baada ya sisi kupunguza upana wa goli. Daktari akiandika kwamba mtoto asishiriki kabisa, hashiriki, na hapo hakuna ubishi. Lazima ni kwa shule kumpa kila mtoto somo linalomfaa. Wapinzani wanapenda kuonyesha kana kwamba lazima ni fimbo.

Ya nne ndiyo yenye miiba. "Mwenyekiti, hilo somo ni la lazima kwenye karatasi tu. Hapa shuleni kipindi cha viungo mwalimu wa hesabu ndiye hukitumia kumalizia mada." Ukumbi utapiga makofi, kwa kuwa ni kweli, na wewe mwenyewe unajua. Usikane. Ukikana umeshindwa.

Kubali, halafu onyesha kwa nini inatokea. Katika gredi zenu za 7 hadi 9 michezo imeunganishwa na sanaa bunifu kuwa somo moja tangu masomo yalipopunguzwa mwaka 2024, na mwalimu mmoja ndiye anayegawa vipindi. Katika Gredi ya 10 hadi 12, elimu ya viungo ni ya wanafunzi wote lakini haina mtihani wa taifa. Kisicho na mtihani ndicho cha kwanza kuibiwa. Sasa uliza ukumbi: kitu kinaibiwa hali kina mlinzi, je, tukimwondoa mlinzi? Somo la lazima likiibiwa, mwanafunzi, mzazi na mkaguzi wana neno la kusema: kipindi chetu kiko wapi? La hiari likipotea, hakuna aliyekosewa.

Na kuna wizi mwingine mbaya kuliko huo, ambao hata wapinzani hawauoni. Ni kipindi kinachofanyika lakini watoto hawasogei. Hili ulipime mwenyewe, una wiki tatu. Chukua saa yenye kuhesabu sekunde, mchague mwanafunzi mmoja wa kawaida, asiwe nyota wala mvivu, umwangalie kipindi kizima bila kumwambia. Kila akienda kwa mwendo wa kuhema, acha saa itembee. Akisimama, isimamishe. Mimi niliwahi kumpima msichana mmoja katika kipindi changu mwenyewe cha dakika 40, nikijiona mwalimu hodari. Dakika saba zilikwisha kwa kutoka darasani na kubadilisha viatu. Tano nilikuwa nikieleza sheria. Halafu mpira mmoja, watoto 40, yeye amesimama pembeni chini ya mwarobaini akisubiri zamu. Saa yangu ilisoma dakika sita. Wataalamu husema angalau nusu ya kipindi iwe mwendo wa kweli, yaani dakika 20.

Wiki iliyofuata nilifanya mambo mawili tu. Nilipata mipira minne, miwili ya kununua na miwili ya kusokota kwa makaratasi na kamba, nikawagawa watoto makundi ya watano watano kwenye viwanja vidogo nilivyochora kwa kisigino. Sheria nilizieleza darasani kabla hatujatoka. Msichana yuleyule alifika dakika 18. Somo ni lile, uwanja ni ule, mwalimu ni yule. Ukisimama mbele ya waamuzi na kipimo ulichokifanya mwenyewe shuleni kwako, hata kama ni aibu, kina uzito kuliko kurasa nne za mtandaoni. Lakini usimtaje mwalimu wala mwanafunzi uliyempima.

Sasa ya kutupa. Toa ile sentensi ya akili timamu katika mwili timamu. Waamuzi wameisikia mpaka masikio yameota sugu. Toa wakimbiaji wetu maarufu, kwa kuwa mpinzani atakuuliza wangapi walifika pale kwa kipindi cha dakika 40. Toa madai kwamba somo hili linaondoa unene. Najua yanapendeza, ila utafiti mwingi wa mashuleni ukiwekwa pamoja unaonyesha kwamba uzani wa watoto haubadiliki sana kwa vipindi vya viungo pekee, chakula kina neno lake. Pumzi huongezeka, unene haushuki hivyo. Mpinzani aliyesoma akikukamata hapo, waamuzi wataacha kukuamini hata kwenye mfupa.

Kuhusu urefu: ukipewa dakika tano, andika maneno 400 au pungufu, maana dakika ya mwisho utaiacha ya kujibu. Kwa Kiswahili cha kusema jukwaani, maneno mia kwa dakika ndiyo yanayosikika, na watoto wengi wakiingiwa na woga huenda mbio. Nakuandikia aya ya mwanzo uone sauti ninayoitaka, halafu uiandike upya kwa maneno yako, kwa sababu waamuzi wa Lamu wananijua na watajua ni mimi:

"Mwenyekiti, waamuzi, mtunza muda, wapinzani wetu na wanafunzi wenzangu. Upande wangu hautapoteza muda kuwaambia kwamba mazoezi ni mazuri. Wapinzani wetu nao wanajua. Tunabishana juu ya neno moja, lazima. Naomba kila mmoja wenu amfikirie mwanafunzi mmoja darasani kwake ambaye, kipindi cha viungo kikifanywa hiari kesho, hatatoka nje. Msimtaje jina. Mmeshamwona? Ni msichana anayeona haya. Ni mvulana anayechekwa. Ni yule anayechechemea. Sasa mfikirieni atakayetoka nje. Huyo angecheza hata bila shule. Hoja yetu ni kwamba somo likiwa la hiari litabaki na yule wa pili na kumpoteza yule wa kwanza, na kwamba yule wa kwanza, katika umri wetu huu, hana siku nyingine ya kujenga alichokikosa. Nitaanza na mifupa yake, kisha nitawapeleka gatini."

Baada ya "gatini" nyamaza, hesabu mbili moyoni, kisha endelea. Kila mtu pale ana mtu wake aliyewahi kuchukuliwa na maji, au anamjua aliyenusurika. Usiwataje, usitie huruma, eleza tu sekunde 30, mita 25 na kamba.

Dakika yako ya mwisho usiandike kitu. Iache wazi kwa kujibu, na uwe na kadi nne ndogo mkononi, kila hoja ya wapinzani kadi yake. Ile ya Trois-Rivières iweke juu. Nimekwambia ya nne ndiyo ya miiba, lakini wao wataanza na muda wa hesabu, siku zote huanza hapo. Ya miiba wanamwachia mzungumzaji wao wa pili, kwa hiyo mpe mwenzako kadi hiyo aisome usiku kabla ya kulala, si asubuhi kwenye mashua.